Kutembea tena baada ya upasuaji wa nyonga iliyovunjika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wazee waliovunjika nyonga wakafanyiwa upasuaji, na wa watoto, wajukuu na dada wa kazi wanaowauguza nyumbani. Tumechukua hasa kipindi cha baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali, pale kidonda kinapokuwa kimeanza kukauka lakini mgonjwa bado anaogopa kunyanyua mguu.

Mama alifanyiwa upasuaji wiki tano zilizopita. Daktari anasema mfupa uko vizuri, lakini hataki kutembea. Kila akisimama anatetemeka. Tatizo ni nini?

Mara nyingi tatizo ni hofu ya kuanguka, na hofu hiyo ina madhara ya kimwili unayoweza kuyaona kwa macho. Mtazame anavyotembea. Anainamisha kichwa na kukodolea miguu yake, anakaza magoti, anaburuza nyayo bila kuzinyanyua, na mkono wake mmoja unatafuta ukuta au kochi la kushika. Mwili uliokazwa hivyo hauwezi kujirekebisha haraka ukiyumba. Nyayo zinazoburuzwa ndizo zinazonasa kwenye kona ya mkeka au kwenye kizingiti.

Halafu kuna upande wa pili. Kila siku anayoshinda kitandani, misuli ya paja na makalio inazidi kupungua, na kwa mzee inapungua upesi sana. Baada ya wiki chache anakuwa dhaifu kweli, kwa hiyo ile hofu inapata sababu. Ndiyo maana kumwambia "jikaze mama" hakusaidii, na kumwambia "pumzika tu, tutakuletea kila kitu" kunamuumiza zaidi. Dawa yake ni hatua ndogo ndogo zilizopangwa, akiwa na kifaa sahihi mkononi, na mtu aliyesimama mahali sahihi.

Ila kabla ya kuamua kwamba ni hofu, hakikisha hakuna maumivu mapya. Mgonjwa aliyekuwa akitembea kisha akakataa ghafla, akilalamika maumivu makali kwenye kinena au pajani kila akikanyaga, arudi hospitali apigwe picha. Huenda skrubu imesogea au nyonga ya bandia imechomoka.

Anaruhusiwa kuukanyagia mguu uliofanyiwa upasuaji kwa uzito wote?

Kwa wagonjwa wengi wazee, ndiyo, kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu, na mara nyingi kuanzia siku inayofuata upasuaji. Aliyewekewa nusu nyonga ya bandia, yaani kichwa cha mfupa wa paja kimeondolewa na kuwekwa cha chuma, kwa kawaida hukanyaga mapema. Aliyefungwa kwa bamba na skrubu, au kwa fimbo ya chuma iliyopitishwa ndani ya mfupa, naye mara nyingi huruhusiwa, lakini wapo wachache ambao daktari huwataka wakanyage kwa uzito kidogo tu kwa wiki kadhaa, kwa sababu mfupa ulisagika au haukushika vizuri.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka wodini, uliza maswali mawili na uyaandike: amewekewa nini, na akanyage kwa uzito kiasi gani? Familia nyingi hutoka bila majibu hayo, kisha kila ndugu anayekuja kumtazama mgonjwa anatoa amri yake.

Na yale makatazo ya kuinama na kukunja miguu ni ya kila mtu?

Hapana. Ni ya waliowekewa nyonga ya bandia, hasa pale daktari alipoingilia kwa nyuma. Kwa wiki 6 hadi 12 hivi wengi huambiwa wasikunje nyonga kupita pembe mraba, wasipishanishe miguu, na wasigeuzie kidole gumba cha mguu huo ndani. Kwa lugha ya nyumbani: asikae kwenye kigoda, asichuchumae, asiokote kitu sakafuni, na akikaa, magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Wapo madaktari wasioweka masharti haya, kwa hiyo fuata ya daktari wako. Aliyefungwa kwa skrubu au fimbo ya ndani hana nyonga ya kuchomoka kwa namna hiyo, ingawa kigoda kitamsumbua vilevile kwa sababu ya udhaifu wa misuli.

Aanze na kifaa gani: fremu, magongo au bakora?

Kwa mzee, aanze na fremu ya kutembelea, ile ya miguu minne ambayo wengine huiita woka. Magongo ya kwapani yanahitaji mabega yenye nguvu na mizani nzuri, na mzee mwenye umri wa miaka 75 mara chache anavyo vyote viwili. Tunaona pia wakiegemea kwapa moja kwa moja juu ya gongo. Hapo mishipa ya fahamu inayopita kwapani inabanwa, mkono unakufa ganzi, na kifundo cha mkono kinaweza kulegea. Ukimkuta amebebwa na kwapa, gongo ni refu mno au amechoka.

Fremu yenye magurudumu mawili mbele ni nzuri kwenye sakafu laini, na inamfaa mtu asiyeweza kunyanyua fremu bila kuyumba. Lakini nyumba zetu nyingi zina ua wa mchanga au kokoto, na magurudumu madogo yanazama. Kama choo kiko nje, chagua isiyo na magurudumu.

Bakora huja baadaye. Dalili kwamba amefika hapo ni hizi: anatembea na fremu ndani ya nyumba bila kusimamiwa, anaweza kusimama wima kwa dakika moja akiwa ameshika kitu kwa mkono mmoja tu, na hachechemei kwa kuangusha kiuno upande mmoja. Asiharakishwe. Kuna aibu fulani wazee wanaiona kwenye fremu, wanataka bakora kwa sababu bakora ina heshima yake. Lakini bakora inabeba uzito kidogo tu. Anayehitaji fremu akipewa bakora ataishia kushika ukuta, na ukuta una mwisho.

Urefu wa kifaa unapimwaje?

Mvalishe viatu atakavyotembea navyo. Asimame wima kadiri awezavyo, mikono ining'inie yenyewe ubavuni. Mahali pa kushikia panatakiwa kufika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akishika, kiwiko kitakunjika kidogo tu.

Fremu ikiwa ndefu mno, mabega yanapanda kuelekea masikioni na hawezi kusukuma chini. Ikiwa fupi, anainama, uzito unakuja mbele, na mgongo unaanza kuuma kabla hata ya mguu. Fremu nyingi zina vitufe kwenye kila mguu. Ukishabadilisha urefu, hakikisha vitufe vyote vinne vimechomoza kabisa kwenye matundu yaliyo sawa. Kitufe kimoja kilichoingia nusu kinatosha kuifanya fremu ikunje wakati amejiegemeza.

Bakora ya mti unaipima kwa kuigeuza: kishikio kiguse sakafu pembeni ya kiatu chake, ncha iwe juu, kisha weka alama kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Toa unene wa kitako cha mpira, ndipo ukate kwa msumeno. Usinunue bakora bila mpira wa chini, na mpira wenyewe uangalie kila mwezi. Mistari yake ikisagika ukawa laini, au mti ukianza kuonekana kwa ndani, badilisha siku hiyohiyo. Kwenye sakafu ya vigae iliyolowa, mpira uliokwisha unateleza kama sabuni.

Nishike bakora mkono gani? Mimi nimeumia mguu wa kulia, na kila mtu ananiambia niishike kulia.

Ishike kushoto, mzee wetu. Hili ndilo kosa tunalolikuta kuliko yote.

Unaponyanyua mguu wa kushoto, mwili wote unabaki juu ya mguu wa kulia. Misuli ya pembeni mwa nyonga ya kulia ndiyo inayozuia kiuno kisianguke upande wa kushoto, na misuli hiyohiyo ndiyo iliyodhoofika kwa ajali na upasuaji. Bakora iliyo mkono wa kushoto inakisaidia kiuno upande ule kinapotaka kuangukia, na nyonga ya kulia inapumzika. Ukiishika kulia, unaulemea ule upande mgonjwa na kutembea ukiyumba.

Utaratibu wake: bakora na mguu ulioumia vinakwenda mbele kwa pamoja, kisha mguu mzima unafuata. Wengine huzoea haraka wakisema moyoni "bakora na mguu, halafu mguu".

Na fremu inatumiwaje? Baba anaisukuma mbali kisha anaikimbilia.

Hiyo ni hatari. Mpangilio ni fremu, mguu ulioumia, mguu mzima. Anainyanyua na kuitua mbele kidogo, miguu yote minne ya fremu iguse chini kabla hajasogea. Anaingiza mguu ulioumia hadi katikati ya fremu, anasukuma chini kwa mikono, ndipo analeta mguu mzima usawa wa ule mwingine. Akiisukuma mbali anainama na nyayo zinabaki nyuma. Akiingia ndani sana hadi tumbo liguse chuma cha mbele, anaweza kwenda chali.

Mambo mawili yanasahaulika. La kwanza ni kusimama kutoka kwenye kiti. Asivute fremu, maana itamwangukia. Asogee ukingoni mwa kiti, arudishe mguu mzima nyuma na mguu ulioumia autangulize kidogo, mikono yote miwili isukume mikono ya kiti, na akishasimama wima ndipo mkono mmoja baada ya mwingine uhamie kwenye fremu. Kukaa ni kinyume chake: arudi nyuma hadi ahisi kiti kimegusa miguu, apeleke mikono kwenye kiti, ajishushe taratibu. Kujibwaga kunaumiza nyonga na kuivunja imani.

La pili ni kugeuka. Kuanguka kwingi hutokea hapa, kwa sababu mtu anakita mguu mmoja na kuuzungusha mwili juu yake. Ageuke kwa hatua fupi nyingi, kama anachora duara, na fremu imtangulie kila hatua.

Tunamshika vipi bila kumwangusha?

Mtu mmoja anatosha. Wawili wakimshika makwapa, kila mmoja akivuta kwake, mikono ya mgonjwa inakuwa haina kazi na yeye mwenyewe hajifunzi chochote. Simama upande wa mguu ulioumia, nyuma yake kidogo. Mfunge kiunoni mkanda mpana na imara juu ya nguo, ushike mkanda huo kwa mkono mmoja kutokea nyuma, na mkono wa pili uwe wazi mbele ya bega lake bila kumgusa. Usimshike mkono wake wala usimvute.

Akianza kulegea, usijaribu kumning'iniza. Mvute karibu na mwili wako, tanua miguu yako, na umshushe taratibu kwenye kiti au chini. Ndiyo maana kiti kinatakiwa kiwe karibu kila mnapofanya jambo jipya.

Na unapomwona anazidi kuimarika, legeza. Kwanza mkono kwenye mkanda bila kuvuta, kisha tembea kando yake, kisha hatua mbili nyuma. Mgonjwa anayeshikwa wakati wote anajenga imani kwa mkono wako. Mguu wake anabaki haujui.

Tupange vipi mazoezi ili hofu ipungue? Tunataka mfano halisi.

Tuchukue bibi wa miaka 76, amewekewa nusu nyonga ya bandia upande wa kulia, sasa ni wiki ya tano. Anatembea kutoka kitandani hadi kiti cha sebuleni, kama meta 4, akishikwa na wajukuu wawili. Choo kiko uani, meta 15 kutoka mlangoni, na kuna kizingiti cha sentimeta 12. Anatumia ndoo chumbani na inamuuma kwa sababu ya heshima yake.

Kwanza mkae naye aorodheshe yale anayoogopa, kuanzia dogo hadi kubwa, kwa maneno yake. Kwa bibi huyu orodha ilikuwa: kusimama bila kushikwa, kugeuka kwenye kona ya korido, kuvuka kizingiti, kutembea uani, kuingia chooni peke yake. Mnafanyia kazi jambo moja kwa wakati, na hamhamii la pili mpaka la kwanza alifanye siku tatu mfululizo huku akisema mwenyewe kwamba hofu imeshuka.

Wiki ya kwanza kazi ni kusimama. Kiti imara chenye mikono, urefu wa sentimeta 45 hadi 50, kimeegemezwa ukutani. Fremu mbele yake. Anasimama na kukaa mara 5, anapumzika, anarudia mara 5, asubuhi na jioni. Akiwa amesimama, ananyanyua mkono mmoja kutoka kwenye fremu na kuhesabu hadi kumi, kisha mwingine. Kutembea ni ileile meta 4, ila mjukuu ni mmoja na mkanda, na safari ni nne kwa siku badala ya mbili.

Wiki ya pili wanaongeza kona. Kiti cha pili kinawekwa baada ya kona, ili ajue pa kufikia. Anageuka kwa hatua fupi, anakaa, anapumzika, anarudi. Mazoezi ya nguvu yanaongezwa hapa: anashika nondo za dirisha kwa mikono miwili, ananyanyua visigino mara 10, kisha anapeleka mguu mmoja pembeni bila kuinamisha kiwiliwili, mara 10, kisha mwingine. Zoezi hili la pembeni ndilo linalotibu kuchechemea. Afanye siku tatu kwa wiki. Kutembea ni kila siku.

Wiki ya tatu ni kizingiti, na hapa ndipo bibi huyu alipokwama. Kila akikifikia alirudi nyuma. Sababu ilionekana baada ya kutazama vizuri: alikuwa anatanguliza mguu wa kulia, ule uliofanyiwa upasuaji, na kwa kuwa ulikuwa dhaifu haukuweza kumpandisha. Fundi aliweka kipande cha ubao mnene wa sentimeta 6 mbele ya kizingiti, kimefungwa kisicheze na kipana kiasi cha kutosha miguu yote minne ya fremu, na upande wa pili hivyohivyo. Hatua moja ya sentimeta 12 ikawa mbili za sita. Fremu inatangulia juu, mguu wa kushoto unapanda, wa kulia unafuata. Siku nne baadaye alivuka.

Uani wakaweka viti viwili vya plastiki vyenye mikono, kila baada ya meta 5, vimeegemezwa ukutani. Hakuna aliyemlazimisha kufika. Alijua tu kwamba akichoka pa kukaa papo. Kufika wiki ya nane alikuwa anakwenda chooni mchana mwenyewe, mjukuu akiwa barazani, na usiku aliendelea kutumia ndoo kwa uamuzi wetu sote. Hakuna haja ya kushinda vita zote.

Maumivu yakiwepo, tuendelee?

Uchovu na kuuma kwa misuli baada ya zoezi, kunakopoa kufikia kesho yake, ni jambo la kawaida. Mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kutembea, si baada. Ikiwa kesho yake ameamka na maumivu zaidi, punguza nusu ya kazi, usiache kabisa. Maumivu ya ghafla ya kuchoma kwenye kinena hayangojwi.

Ngazi zinapandwaje?

Kupanda, mguu mzima unatangulia, kisha ulioumia na bakora. Kushuka, bakora na mguu ulioumia vinatangulia, mzima unafuata. Mguu mzima ndio unaofanya kazi ngumu ya kunyanyua au kushusha mwili kila mara. Kama kuna ukingo wa kushika, ashike ukingo kwa mkono mmoja na bakora kwa mwingine, upande wowote ukingo ulipo. Msaidizi awe nyuma wakati wa kupanda na mbele wakati wa kushuka. Fremu haipandishwi kwenye ngazi ndefu.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Tufanyeje?

Kwa aliyewekewa nyonga ya bandia, asichuchumae katika miezi ya mwanzo. Kwa wengine wote, kuchuchumaa na kuinuka ni mahali pabaya pa kupimia nguvu. Mpelekee fundi wa kuchomea vyuma vipimo: kiti chenye tundu, urefu wa sentimeta 45 hadi 50, miguu minne iliyotanuka kidogo kuliko kikalio, mikono pande zote mbili, na vitako vya mpira. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati tunakikataa kabisa. Kikikatwa pale kinapoteza nguvu, kinapasuka, na miguu yake inateleza kwenye maji.

Chuma cha kushikia ukutani kiwe kwenye urefu wa kifundo cha mkono wake akiwa amesimama, kifungwe kwa bolti zilizoingia kwenye tofali lenyewe. Kilichofungwa kwenye plasta kitang'oka siku ambayo uzito wote umekiegemea. Pima kwa kukining'inia wewe mwenyewe kabla yake. Bomba la maji, sinki na mlango si vya kushika.

Sakafu ikaushwe baada ya kila mtu kuoga. Mwenyewe aoge akiwa amekaa kwenye kiti, maji ya moto yakichanganywa ndoo ikiwa juu ya stuli ili asiiname.

Usiku ndio anaamka mara tatu. Tunaogopa.

Mna haki ya kuogopa. Usingizi, giza, haraka ya mkojo na shinikizo la damu linaloshuka anaposimama, vyote vinakutana.

Akiamka, akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili, apige nyayo juu na chini mara 10, asimame akishika fremu na kuhesabu hadi 20 kabla ya hatua ya kwanza. Fremu ikae mahali mkono unapofika akiwa amekaa. Tochi au taa ya kuchaji iwe chini ya mto, maana umeme hauagi. Upindo wa chandarua uchomekwe chini ya godoro upande wa kushukia mara anapoufungua, usiburuzike sakafuni. Kanga au gauni la kulalia liishie juu ya vifundo vya miguu. Na chombo cha kujisaidia kikae hatua mbili kutoka kitandani, chini ya kiti kile chenye tundu.

Kizunguzungu akisimama kipimwe. Alale dakika 5, mpime presha, asimame, mpime tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, peleka vipimo hivyo kwa daktari. Msiache dawa za presha kwa uamuzi wenu. Daktari atazame pia dawa za usingizi kama diazepamu, amitriptilini, na hata dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi. Dawa ya kukojoza maji inywewe asubuhi, isipokuwa daktari amesema vingine.

Viatu gani?

Vilivyofunga kisigino, soli nyembamba na ngumu kiasi, yenye mistari. Kandambili zinamlazimisha kukunja vidole na kuburuza. Soksi peke yake kwenye vigae ni hatari zaidi ya kandambili. Mguu uliofanyiwa upasuaji unaweza kuwa mfupi kidogo. Ukiona anainamia upande mmoja kila hatua hata baada ya miezi mitatu, mwambieni mtaalamu wa fiziotherapia apime. Soli ikiongezwa kwa kiatu kimoja, mwendo unaweza kubadilika siku hiyohiyo.

Kuswali na kwenda kanisani?

Aswali kwenye kiti, akiinamisha kiwiliwili kidogo kwa rukuu na zaidi kidogo kwa sijida, bila kifua kushuka hadi magotini kama ana masharti ya nyonga ya bandia. Kukaa mkekani asubiri ruhusa ya daktari. Kwenye daladala ngazi ya kwanza ni ndefu na kondakta hasubiri, kwa hiyo kwa miezi ya mwanzo tumieni bajaji au teksi: akae kwanza kwa kurudi kinyumenyume, juu ya mto ulio imara, kisha aingize miguu mmoja mmoja. Bodaboda hapana.

Hata akitembea vizuri, kuna kingine cha kuzuia mvunjiko wa pili?

Kipo, na kinasahaulika mno. Mzee aliyevunjika nyonga kwa kuanguka tu kutoka alipokuwa amesimama ana mfupa dhaifu, na chuma alichowekewa kimetengeneza upande mmoja. Upande wa pili una udhaifu uleule. Muulizeni daktari waziwazi kuhusu dawa ya kuimarisha mifupa. Inayopatikana zaidi ni alendroneti ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki: anaimeza asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, na anabaki wima, amekaa au amesimama, dakika 30 bila kula. Akilala kabla ya hapo inaweza kuunguza koo la chakula. Asiyeweza kukaa wima au mwenye shida ya kumeza asipewe, na figo zipimwe kwanza. Ipo pia sindano ya dripu inayotolewa mara moja kwa mwaka.

Chakula nacho: maziwa au mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mayai, maharage, kwa kila mlo apate kitu cha kujenga misuli. Uji mtupu asubuhi na chai na mkate jioni haujengi paja. Na mpelekeni apimwe macho. Mtoto wa jicho unatibika, na asiyeona ukingo wa kizingiti ataanguka hata akiwa na miguu ya kijana.

Akianguka tena tufanye nini?

Msimnyanyue mara moja. Muulize panapouma, tazameni miguu. Mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, au hawezi kuusogeza kwa maumivu makali, alale palepale, afunikwe, mwite gari. Hata akiwa hana maumivu ya mguu, kama amegonga kichwa na anatumia dawa ya kuyeyusha damu, aende hospitali.

Kama hajaumia na wiki za masharti zimepita, anaweza kuinuka mwenyewe. Ageukie upande usio na kidonda, ajisukume hadi awe kwa mikono na magoti, atambae hadi kwenye kiti kizito kilichoegemezwa ukutani, aweke mikono juu ya kikalio, apandishe unyayo wa mguu mzima mbele, asukume kwa mikono na mguu huo, ageuke akae. Jizoezeni hili juu ya godoro lililotandikwa chini, mchana, mtaalamu wa fiziotherapia akiwapo mara ya kwanza. Mzee anayejua kuinuka hupungukiwa hofu ya kuanguka hata kabla hajaanguka.

Baadaye andikeni: saa ngapi, mahali gani, alikuwa anafanya nini, amevaa nini, fremu ilikuwa wapi. Mara nyingi jibu la mwisho ni "ilikuwa kwenye kona, nilikuwa nafika tu hapo".

Dalili gani zinatutaka twende hospitali leoleo?

Kidonda kinachotoa usaha au maji baada ya kuwa kikavu, au homa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu. Kubanwa kifua au kukosa pumzi ghafla, hii ni ya kukimbia, kwa sababu damu iliyoganda mguuni inaweza kuhamia kwenye mapafu. Mguu kufupika au kugeuka ghafla. Na kuchanganyikiwa kwa mzee ambaye jana alikuwa akiwaita kwa majina yenu.